Namna ya kupanga insha kuhusu shule za misheni, dini na lugha: kisa cha Kiungani na Magila

Swali huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: "Jadili athari za elimu ya misheni kwa utambulisho wa kidini na lugha katika jamii mojawapo ya Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza." Mwanafunzi wa kidato cha sita au wa mwaka wa kwanza chuoni analisoma na kuanza kuandika papo hapo: wamisionari walileta dini, walileta kusoma na kuandika, walidharau mila. Hoja tatu, kila moja aya mbili, kazi imekwisha. Insha ya namna hiyo huenda isiwe na kosa hata moja la taarifa. Kasoro yake ni kwamba ukifuta jina la mahali na kuandika Buganda au Nyasa, hakuna sentensi itakayohitaji kurekebishwa. Msahihishaji huliona hilo katika ukurasa wa kwanza.

Hapa tunapanga insha ya maneno 1,500 hivi, kwa kutumia shule za misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa herufi zake UMCA, yaani misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati. Nimeichagua kwa sababu inavuruga jibu la mkato. Wengi huingia kwenye mada hii wakiamini kwamba shule ya misheni iliua lugha ya Kiafrika na kuweka ya Kizungu. UMCA ilifundisha kwa Kiswahili, lugha iliyokulia katika jamii ya Kiislamu, na kwa lugha hiyo ikatengeneza Wakristo. Kuna jambo la kuelezwa hapo, na insha nzuri huanzia penye jambo la kuelezwa.

Hatua ya kwanza: chagua shule, si nchi

"Tanganyika" ni pana mno kwa maneno 1,500. Hata "UMCA" ni pana. Chukua shule mbili zilizokuwa chini ya misheni moja, zilizotumia lugha moja, lakini zilizopokea wanafunzi wa hali tofauti. Ukifanya hivyo umeshika kitu cha kulinganisha: mwalimu ni yuleyule, kitabu ni kilekile, kwa hiyo matokeo yakitofautiana, sababu utaitafuta kwa wanafunzi na mazingira yao.

Shule ya kwanza ni Kiungani, Unguja. Misheni ilihamia kisiwani mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, baada ya jaribio la kwanza la misheni kule Magomero, katika nyanda za mto Shire, kushindwa. Wanafunzi wake wa mwanzo kabisa walikuwa wavulana watano waliotekwa kutoka katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Tozer. Kuanzia hapo chanzo kikubwa cha wanafunzi kikawa watoto waliokombolewa na manowari za Waingereza baharini: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, wengi wao wakiwa hawana njia ya kurudi kwao. Wavulana walikusanywa Kiungani, wasichana Mbweni, kwenye shamba la misheni, si mbali kusini mwa mji.

Shule ya pili ni Magila, katika nchi ya Bonde, kati ya pwani ya Tanga na milima ya Usambara. Misheni ilianza kwenda huko mwishoni mwa miaka ya 1860, na kituo kikasimama sawasawa baada ya mmisionari Farler kufika mwaka 1875. Watoto wa Magila hawakushushwa kutoka jahazini. Walikuwa na wazazi, wajomba, mashamba, jando, na lugha yao ya Kibondei.

Tofauti hiyo moja, ya mtoto asiye na ukoo karibu na mtoto aliyezungukwa na ukoo, ndiyo itakayobeba insha nzima. Ukiona unaanza kukusanya kituo cha tatu, Masasi kwa mfano, jiulize kinakuonyesha nini ambacho hivi viwili havionyeshi. Masasi ilianzishwa mwaka 1876 kwa kuwapeleka bara watu waliokombolewa kutoka Unguja, na ni kisa kizuri sana, lakini katika insha fupi kinastahili sentensi mbili tu.

Hatua ya pili: funga dini na lugha pamoja kabla ya kusoma zaidi

Swali lina vitu viwili, dini na lugha, na mtego wake uko kwenye neno "na". Wengi huandika nusu ya kwanza kuhusu dini, nusu ya pili kuhusu lugha, na nusu hizo hazikutani. Kabla hujafungua kitabu kingine, andika sentensi moja inayoviunganisha kwa "kwa sababu". Mfano:

"Kiungani dini mpya ilishika kwa sababu lugha ya shule ndiyo ilikuwa lugha pekee waliyoweza kushirikiana wanafunzi."

Sentensi hii inaweza kuwa na makosa, na si lazima ibaki hivyo. Kazi yake ni kukulazimisha utafute ushahidi wa uhusiano badala ya ushahidi wa vitu viwili mbalimbali. Mtoto Myao na mtoto Mmakua wanaolala bweni moja watazungumza nini? Watazungumza Kiswahili, walichoanza kukisikia njiani na mjini, na sasa wanasali kwacho na kuandika kwacho. Wakikua, misheni inawatarajia waoane na wasichana wa Mbweni, nao walilelewa kwa Kiswahili hichohicho. Watoto wa ndoa hiyo wanazaliwa katika nyumba ya Kiswahili na ya Kikristo kwa wakati mmoja. Hapo dini na lugha haviwezi kutenganishwa hata ukitaka.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi, na ujue nani aliuandika na kwa ajili ya nani

Hapa usiharakishe, maana hapa ndipo insha nyingi hudanganyika.

Sehemu kubwa ya habari za Kiungani inatoka katika barua na majarida ya misheni yaliyochapishwa Uingereza ili wafadhili waendelee kuchanga. Mwandishi wake ana sababu ya kuonyesha kwamba mtoto alitoka gizani akaingia nuruni. Mwaka 1887 misheni ilichapisha mkusanyiko wa simulizi za wavulana wa Kiungani wenyewe, kuhusu makwao na jinsi walivyotekwa, zilizotafsiriwa kwa Kiingereza na mwalimu wao Madan. Ni hazina, lakini zimepita mikononi mwa mwalimu. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: katika maandishi ya aina hiyo, amini zaidi kile kinachosemwa kwa kupita kuliko kile kinachosisitizwa. Mwandishi akisisitiza kwamba wavulana wanapenda sala, hiyo ni hoja yake. Akitaja kwa kupita kwamba walivaa kanzu, hakuwa na sababu ya kutunga.

Na kanzu hiyo usiipite. UMCA ilisema wazi kwamba haikutaka kuwageuza Waafrika kuwa Waingereza, ndiyo maana wanafunzi hawakuvalishwa suruali na koti. Matokeo yake ni kwamba mvulana Mkristo wa Kiungani alionekana kwa mavazi kama kijana yeyote wa mjini Unguja, akazungumza kama yeye, lakini hakwenda msikitini. Aya ya utambulisho inaweza kujengwa juu ya jambo hilo peke yake.

Aina ya pili ya ushahidi ni yale waliyoandika wahitimu wenyewe kwa Kiswahili. Kiungani walitoa gazeti lililoitwa Msimulizi kuanzia mwaka 1888, na Magila wakawa na lao, Habari za Mwezi, katika miaka ya 1890. Haya ni magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili yaliyochapwa, na yalisomwa na walimu waliotawanyika vituoni kote. Huna haja ya kuyasoma yote. Kuwepo kwake tu ni ushahidi: kulikuwa na watu wa kutosha, kutoka Unguja hadi Bonde na Masasi, waliojiona kuwa wasomaji wa gazeti moja.

Aina ya tatu ni vitabu vya lugha. Edward Steere, aliyekuja na Tozer na baadaye akawa askofu hadi kufa kwake mwaka 1882, alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Madan akafuata na kamusi mwaka 1894 na 1903. Kwa upande wa Bonde, mmisionari Woodward alichapisha kitabu kidogo cha Kibondei mwaka 1882. Liangalie hilo la mwisho kwa makini: misheni ilijua kwamba Kibondei kipo, ikakiandika, na bado Kiswahili kikawa lugha kuu ya elimu yake. Kwa hiyo huwezi kusema haikujali lugha za wenyeji. Utasema ilizipanga kwa ngazi.

Hatua ya nne: eleza suala la hati na maneno bila kuzama humo

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa na hatari kubwa, maana mwanafunzi anayependa lugha anaweza kutumia maneno 700 kuorodhesha maneno ya Kiarabu. Unahitaji mambo mawili tu.

La kwanza ni hati. Kabla ya misheni, Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, na watoto wa Kiislamu walijifunza herufi hizo chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Shule ya misheni ilifundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Zikatokea jamii mbili za watu wanaojua kusoma, katika kisiwa kimoja, wanaosikilizana wakizungumza lakini wasioweza kusomeana barua. Krapf, aliyetangulia kufika Mombasa mwaka 1844 kwa misheni nyingine ya Kianglikana, CMS, alizitaka herufi za Kirumi kwa sababu aliona hati ya Kiarabu inafungua mlango wa Uislamu. Kwa hiyo uamuzi wa hati ulikuwa wa kidini tangu mwanzo, na una haki ya kuingia katika insha ya dini.

La pili ni maneno. Steere hakubuni lugha mpya ya kanisa. Alichukua maneno ambayo Waislamu wa Unguja walikuwa wakiyatumia tayari: dini, dhambi, malaika, nabii, sala. Agano Jipya la Kiswahili cha Unguja lilimwita Mwokozi Isa Masiya, jina ambalo Mwislamu yeyote wa mjini angelitambua. Biblia za baadaye zikaandika Yesu Kristo. Hapo una hoja ya mabadiliko katika wakati, jambo ambalo insha nyingi hulikosa: mwanzoni Ukristo wa Kiungani ulizungumza kwa maneno ya jirani yake, kisha kidogo kidogo ukajitenga naye kwa maneno.

Simama hapo. Ukijikuta unaeleza asili ya neno la nne, umeshaanza insha nyingine.

Hatua ya tano: andika dai lako kwa sentensi tatu

Sasa rudi kwenye sentensi ya hatua ya pili uikaze. Yangu ingekuwa hivi:

"Shule za UMCA ziliunda Wakristo kwa lugha iliyokuwa ya Waislamu, lakini matokeo yalitegemea mtoto aliingia shuleni na nini. Kiungani, ambako aliingia bila ukoo, Kiswahili cha shule kiliunda jamii mpya. Magila, ambako aliingia akiwa na ukoo wake, Kiswahili kilikaa juu ya Kibondei na Ukristo ukawa kitambulisho kimoja kati ya kadhaa."

Lijaribu dai kwa kuuliza kama mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga. "Elimu ya misheni ilikuwa na athari chanya na hasi" haliwezi kupingwa na yeyote, kwa hiyo si dai. Hili linapingika. Mtu anaweza kusema kwamba ukoo haukuwa muhimu kiasi hicho, kwamba kilichoamua ni umbali na mji, au nguvu ya serikali. Vizuri. Hoja yake utaipa nafasi chini.

Hatua ya sita: gawa maneno

Mgawo wangu kwa maneno 1,500 ni huu: utangulizi 150, mandharinyuma 150, Kiungani 550, Magila 350, pingamizi 200, hitimisho 100. Usigawe sawasawa. Kiungani inapata zaidi kwa sababu ndiko utaratibu wenyewe unakoonekana wazi. Magila ni kipimo cha kuona kama maelezo yako yanasimama.

Mandharinyuma yabane. Kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873 na kuanza kwa ujenzi wa kanisa kuu mahali pale sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo ni tukio linalovutia, lakini si shule. Sentensi moja inatosha. Mkataba wa 1890, uliofanya Unguja kuwa chini ya Waingereza wakati Magila na Masasi ziko upande wa Wajerumani, unahitaji sentensi mbili, kwa sababu utakufaa kwenye pingamizi.

Aya moja ya Kiungani, ikiandikwa, ingeweza kuonekana hivi:

"Maisha ya Cecil Majaliwa yanaonyesha utambulisho huu mpya. Alizaliwa Myao, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa na misheni Unguja, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri. Jina lake lina sehemu mbili: Cecil la ubatizo, na Majaliwa, la Kiswahili. Halina la Kiyao. Alipotumwa Chitangali, katika nchi ya Wayao, hakurudi kama mtoto aliyepotea tu; alirudi akiwa mwalimu wa dini iliyomfikia kwa lugha ya pwani. Kwa wahitimu wa aina yake Kiswahili hakikuwa lugha ya kuongezea juu ya ile ya nyumbani, bali lugha ambayo ndani yake walipata jina, kazi na ushirika wa watu."

Ona aya inavyokwenda: dai dogo, mtu mmoja wa kweli, jambo la lugha, kisha inarudi kwenye hoja kuu. Haina "vilevile" wala "pia" ya kuunganisha vitu visivyohusiana. Ukihesabu "pia" zaidi ya mbili katika aya yako, huenda umeandika orodha.

Hatua ya saba: pingamizi, mahali pa kuonyesha mipaka

Mambo matatu yanaweza kuangusha dai lako, na ni afadhali uyaseme wewe kabla ya msahihishaji.

Kwanza, ukubwa wa kundi. Unguja ilibaki ya Waislamu. Misheni karibu haikupata waumini kutoka kwa Waislamu huru wa mjini; Wakristo wake walitoka kwa waliokombolewa. Kwa hiyo usiandike kwamba Kiungani ilibadili utambulisho wa kidini wa Unguja. Iliunda jamii ndogo pembeni mwa mji, ambayo uzito wake ulionekana bara, kwa walimu na makasisi iliowatoa.

Pili, serikali. Wajerumani walifungua shule yao isiyo ya dini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakatumia Kiswahili katika utawala, na maofisa wao wengi wa ngazi za chini walikuwa Waislamu wa pwani. Herufi za Kirumi na kuenea kwa Kiswahili Bonde havikutoka kanisani peke yake. Hili linaathiri zaidi nusu ya Magila, kwa hiyo liweke huko, na upunguze sauti ya dai lako kwa kiwango kinachostahili. Usimalizie kwa kuilaumu Magila kwamba vijana wa Muheza, huko Bonde, leo wanazungumza Kiswahili kuliko Kibondei. Kati ya hapo kuna mashamba ya mkonge, bandari ya Tanga na shule za serikali baada ya uhuru.

Tatu, misheni nyingine. Walutheri wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitilia mkazo Kichagga, na katika duru za misheni za Kijerumani kulikuwa na waliokiogopa Kiswahili kama chombo cha Uislamu. Jambo hili halikupingi, linakusaidia: linaonyesha kwamba Kiswahili cha Kiungani kilikuwa chaguo, si lazima. Sentensi tatu zinatosha.

Hatua ya nane: hitimisho lifanye kazi moja

Hitimisho la kurudia hoja ni maneno 100 yaliyopotea. Lipe kazi ya kupeleka dai hatua moja mbele ya tarehe ya swali. Hapa una mambo mawili ya kuchagua, na uchague moja.

Ukipendelea lugha, malizia na mkutano wa Mombasa wa 1928, ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Watu wa CMS walikuwa wamekipigania Kimvita, lahaja waliyoitumia katika vitabu vyao. Vitabu vya Steere na Madan vilikuwa upande ulioshinda.

Ukipendelea dini, malizia na mwaka 1923, Godfrey Dale wa UMCA alipochapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, kwa herufi za Kirumi, ikiwa na maelezo ya mtazamo wa Kikristo. Waislamu hawakuipokea, na baadaye wakatoa tafsiri zao wenyewe, maarufu zaidi ikiwa ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969, nayo kwa herufi za Kirumi. Mimi ningechagua hili, kwa sababu linaonyesha athari ya shule za misheni ikiwafikia hata wale ambao hawakuwahi kukaa katika madawati yake: mabishano ya dini yalikuwa yamehamia katika hati ambayo, miaka sitini kabla, ilikuwa ya wavulana wachache wa Kiungani.

Ukimaliza mpango, funika majina yote ya mahali na ya watu, kisha usome sentensi ya kwanza ya kila aya. Ile ambayo bado inaeleweka bila jina lolote ndiyo ya kuandikwa upya kwanza.